Kopo la Halwa na Vidonge vya Damu

Watu wa Sib, huku Omani, wakitaka kukushukuru hukuletea halwa. Nimekuwa muuguzi katika kituo cha afya cha huku miaka kumi na tisa, na nimekula halwa ya watu hadi nguo zangu za kazi zinanilaumu. Mtoto akidungwa sindano asilie, halwa. Kijana akiondolewa nyuzi za jeraha, halwa. Yuko bibi mmoja wa sukari ambaye nilimkataza mimi mwenyewe asiiguse, naye kwa utiifu wake mkubwa akawa anaileta yote kwangu, nife mimi badala yake. Sikatai. Riziki haikataliwi.

Basi asubuhi moja mzee aliingia chumba changu cha wajawazito, kanzu nyeupe imepigwa pasi hata ukiigusa itakukata, kofia kichwani, na mikononi kashika kopo la halwa, lile la plastiki lenye mfuniko wa dhahabu, kalikumbatia kama amana. Alikuwa kapita upande wa akina mama bila kubisha hodi kwa mtu. Huko nje nilisikia wanawake kumi wanavuta shela kwa pamoja.

Mwenzangu chumbani alikuwa muuguzi kutoka Kenya, mchapakazi hodari, mwenye udhaifu mmoja tu hapa duniani. Alipoliona kopo alisimama.

"Waah! Leo mzee ametukumbuka," akasema, na alishalipokea kopo kabla mzee hajafika kwenye kiti. Akavuta dele ya kahawa, akapanga vikombe vitatu, akatoa kijiko.

"Asalaam alaykum, mwanangu," mzee akanambia mimi.

"Waalaykum salaam, ami. Karibu. Lakini huku ni upande wa akina mama, umepotea?" Ami ndivyo tunavyowaita wazee wa rika la baba zetu, hata wakiwa wamevunja kanuni zote za kituo.

"Sikupotea. Nimekuja kwako wewe. Na huyo mwambie asifungue."

Alishafungua. Sitasimulia uso wa mwenzangu ulivyokuwa, maana bado tunafanya kazi pamoja na ninahitaji anipokee zamu. Nitasema tu kwamba alikirudisha kijiko mahali pake taratibu, akafunika kopo kwa adabu kubwa, akasema anaitwa chumba cha chanjo. Hakuna aliyemwita. Kahawa tukabaki nayo sisi, mimi, mzee na kopo.

"Umeona mwenyewe," mzee akasema. "Cheusi ti! Hiyo ndiyo kazi ya dawa yenu."

Mimi na ulimi wangu hatujawahi kupatana, nikamwambia, "Ami, miaka yote hii nimeletewa halwa ya kila namna, ya zafarani, ya tende, ya maziwa. Hii ndiyo ya kwanza mtu kaipika mwenyewe."

Hakucheka. Akaketi, akaweka mkono juu ya mfuniko, akanitazama kwa macho ya mtu aliyefungua masanduku ya watu maisha yake yote. Na ndivyo ilivyokuwa. Alinambia alikuwa mkaguzi wa forodha uwanja wa ndege mpaka alipostaafu. Kitu kwake si kitu mpaka kifunguliwe.

Kisa chake kilikuwa hiki. Binti yake alikuwa na mimba ya kwanza, miezi saba na ushei. Mumewe anafanya kazi mbali kusini, anarudi kila baada ya wiki kadhaa, na kwetu mwanamke mimba yake ya kwanza anarudi kwao kuzalia, mama yake amtazame. Binti huyu hakuwa na mama. Alikuwa na baba. Basi baba akaishika kazi yote: supu anapika yeye, miguu inayovimba anaipima kwa macho yeye, na vidonge anavitoa yeye, kimoja kimoja, baada ya kuvikagua.

Vidonge vyenyewe vilikuwa vya madini ya chuma, ambavyo watu huviita vidonge vya damu. Binti alipopimwa wiki tatu nyuma, damu yake ilikuwa nane na nukta nne, na mjamzito tunataka afike kumi na moja. Mwanamke akizaa anapoteza damu, hata mambo yakienda sawa. Aliye nayo ya kutosha anaipoteza, anakunywa supu, anaendelea kulalamika juu ya mawifi zake. Aliyeingia na kidogo hana cha kupoteza. Daktari aliandika vidonge, na binti akapelekwa kwangu nimweleze.

"Amekunywa siku tisa," mzee akasema. "Kwanza kichefuchefu. Kisha tumbo linasokota. Kisha choo kikawa kigumu, analia chooni. Kisha akaja kanambia, kaona haya masikini, baba, nnatoka cheusi. Nkamwambia usivute maji."

"Ukaenda kutazama."

"Nkenda kutazama. Nifanyeje? Nkatazama kila siku."

Nilimwonea huruma binti kwa mara ya kwanza siku ile, na si kwa ajili ya tumbo lake.

"Nkamzuia vidonge. Siku ya nne choo kikarudi rangi yake. Sasa mimi si mtu wa kumdhulumu mtu, hata dawa. Nkasema labda tatizo ni mwili wa mwanangu, si kidonge. Nkavinywa mimi."

"Ukavinywa nani?"

"Mimi. Siku tano. Kimoja kila asubuhi, kama yeye. Na mimi tumbo likanichafuka, na mimi nkatoka hicho." Akaligonga kopo kwa kidole. "Hicho ni changu."

Subhanallah! Miaka kumi na tisa nimefundishwa juu ya majaribio ya dawa, yenye kamati na mihuri na fomu za kurasa arubaini, na huyu bwana kayafanya nyumbani kwake Sib kwa kidonge na kopo. Kibaya zaidi, kayafanya sawasawa. Aliyekunywa katoka cheusi. Aliyeacha karudi kama kawaida. Asiyekuwa na mimba wala maradhi kakinywa, naye katoka cheusi. Jibu alikuwa nalo mkononi, isipokuwa kalisoma kinyumenyume.

"Ami," nikasema, "si umeshajijibu? Ni kidonge."

"Ndiyo. Ni sumu."

"Si sumu. Ni kidonge kinafanya kazi ya kidonge."

"Damu ikikaa tumboni inatoka nyeusi. Hilo hata mimi nnalijua. Hivyo vidonge vinamvujisha mwanangu damu kwa ndani, na nyinyi mnaviita vya damu!"

Nusu ya maneno yale ilikuwa kweli, na mtu mwenye nusu ya ukweli ni mgumu kuliko asiyejua kitu. Choo cheusi cha damu kipo. Nikavaa glavu, nikalifungua kopo. Ndiyo, na kahawa iko pale pale. Uuguzi ni kazi ya heshima, mama yangu aliwaambia majirani wote.

Kilikuwa kigumu, kimekatika vipande, cheusi chenye ukijani pembeni. Hakikung'aa wala kunata.

"Choo cha damu," nikamwambia, "kinakuwa kama lami ya barabarani. Laini, kinang'aa, kinanata, na harufu yake ni mbaya kupita kawaida, nyumba nzima inajua. Na mwenyewe anakuwa na kizunguzungu, jasho la baridi, pengine anatapika vitu kama machicha ya kahawa. Ukiona hayo usije kwangu na kopo, nenda hospitali mbio. Unakunywa dawa za maumivu ya magoti?"

"Sinywi. Nnapaka mafuta."

"Vidonda vya tumbo?"

"Sina."

"Uliacha lini hivi vidonge?"

"Juzi. Hicho ni cha siku ile. Cha leo asubuhi kimeanza kurudi rangi."

"Vizuri. Hata hivyo nitamwambia daktari akipeleke maabara, watafute damu isiyoonekana kwa macho. Rangi peke yake si hakimu, na wewe ni mtu wa ukaguzi, hutanisadiki kwa mdomo." Hilo lilimpendeza, nikamwona anakaa vizuri kwenye kiti. "Na usivinywe tena. Mwanamme mzima asiyepungukiwa na chuma hakihitaji, na kikizidi mwilini kinadhuru. Na uviweke juu kabisa. Mtoto mdogo akivila kama peremende vinaweza kumuua."

"Haya. Lakini weusi unatoka wapi, kama si damu?"

Nikaikumbuka kazi yake ya forodha, nikapata pa kuanzia. "Ami, mzigo ulikuwa unaingia wote uliokuja uwanjani?"

"Thubutu! Unaingia wenye ruhusa."

"Basi utumbo nao una forodha yake. Kidonge kimoja kina chuma kingi, na mwili haupokei chote. Unachukua kidogo kwa kadiri ya shida yake, unafunga mlango. Kilichobaki hakina pa kwenda ila chini. Huko chini kinakutana na ile hewa ya tumbo inayonuka kama yai viza, vikigusana hivyo viwili vinakuwa vyeusi. Huo weusi ni chuma kilichokataliwa, si damu iliyotoka. Ningekuwa na wasiwasi angekunywa siku tisa pasibadilike kitu, ningesema vidonge anavitupa."

"Na tumbo kusokota?"

"Chuma hakina adabu. Kinapopita kinaukera ukuta wa tumbo, ndiyo kichefuchefu. Kikifika kwenye matumbo yanakaza, choo kinakuwa kigumu. Wengine huwaendesha badala yake. Mjamzito mwenyewe matumbo yake yanakwenda polepole tangu zamani, kwa hiyo kapata mara mbili. Alikuwa anakinywa na nini?"

"Na chai ya maziwa," mzee akasema kwa fahari. "Ya iliki, nzito. Nampikia mwenyewe, kukata ule uchungu wa chuma."

Nikaweka kalamu chini. Nyumba zote za Wazanzibari wa huku, kutoka hapa mpaka Bustan zina mambo mawili ya asubuhi yasiyojadiliwa, swala na chai ya maziwa. Na hakuna adui wa kidonge kile kama hiyo chai. Majani ya chai yanakikamata chuma, maziwa nayo yanakizuia, na kile kidogo ambacho mwili ungekipokea kinageuzwa mlangoni. Kwa hiyo yule binti kapata karaha yote ya dawa na karibu hakuna faida yake. Kwa siku tisa. Kisha siku kumi na mbili hakunywa kabisa, kwa kuwa maabara ya baba yake ilikuwa inaendelea.

"Yuko wapi sasa?" nikauliza.

"Yuko garini. Nimemwachia baridi ya kiyoyozi."

"Ami! Umeleta choo ndani, mgonjwa umemwacha garini?"

Ulikuwa mzaha mzuri, na nilijipenda nao kwa muda mfupi sana. Mzee aliinama, na aliposema sauti yake ilikuwa nyengine.

"Sikutaka asikie. Mama yake alikwenda kwa damu. Siku aliyozaliwa huyu huyu. Walinambia alikuwa na upungufu, haikumtosha. Nkatoka hospitali mtoto mkono huu, na viatu vya mama yake mkono huu. Sasa naye kaja kwangu kuzaa, ananambia baba, nnatoka cheusi. Wewe ungefanya nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke, au angalau mwenzangu arudi kutoka kule alikosema anaitwa. Nilitoka mwenyewe kwenda kumchukua binti garini. Alikuwa mweupe midomo, anahema kwa kupanda vidaraja vitatu tu vya mlangoni. Nilipomsalimu alinishika mkono.

"Dada, mwambie baba aache kusimama mlangoni mwa choo," akaninong'oneza. "Nna aibu, siwezi hata kwenda."

Tukampima. Majibu yalitoka mwenzangu akiwa amesharudi, amekaa mbali na meza, anashughulikia mafaili yasiyomhusu. Nane na nukta moja. Badala ya kupanda imeshuka, na siku zinakwenda. Daktari akaja, akayasoma, akasema tutajaribu tena vidonge wiki tatu kwa utaratibu mzuri. Isipopanda, atalazwa awekewe chuma kwa mshipa. Hakupandisha sauti, lakini mzee alikuwa kasikia kila neno.

"Imeshuka," akasema. "Mimi ndiye niliyemshusha? Kwa kumzuia?"

Nilikuwa na jibu tayari. Jibu langu ni lile lile siku zote: mnajifanya madaktari majumbani, kisha mnakuja kutulilia sisi. Nimelisema mara nyingi, linatoka lenyewe. Nikafungua kompyuta nimwonyeshe tarehe, aone hesabu ya siku alizozipoteza. Likatokea faili la binti. Vidonge vya chuma, vimetolewa. Chini yake, mgonjwa ameelezwa jinsi ya kutumia na madhara yake, na pembeni ya sentensi hiyo alama ya tiki. Na mbele ya tiki, jina langu.

Nikaikumbuka siku ile. Ilikuwa Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huku, foleni imefika mlangoni, kiyoyozi kimekufa. Nilimwambia binti yule maneno saba: kimoja kila siku, usisahau, haya, nani anafuata? Na tiki nikaipiga kabla hajasimama. Kuhusu weusi, tumbo, chai, sikumwambia neno. Tiki ile ilinichukua nusu sekunde. Mzee wa watu kala vidonge siku tano na kukagua choo kama mali ya magendo, ili apate jibu nililolipwa mshahara nimpe.

"La, ami," nikasema. "Si wewe. Ni mimi. Haya yote nilitakiwa nimwambie siku ya kwanza, sikumwambia. Nimeandika kwamba nimemwambia."

Mwenzangu aliacha mafaili. Mzee alinitazama, akaitazama ile tiki kwenye kioo kwa muda mrefu, kama mtu anayeujua muhuri wa uongo anapouona. Nilingoja anitukane. Ningemshukuru.

"Basi sema sasa," akasema. "Polepole. Huyu asikie."

Nikasema. Mbele ya wote wawili, polepole, na foleni ikanung'unika huko nje mpaka ikachoka. Kidonge kinafanya vizuri tumbo likiwa tupu, lakini likikataa ale kidogo kwanza, kidonge kinachokaa tumboni ni bora kuliko kinachotapikwa. Akinywe kwa maji na limau au juisi ya chungwa. Chai, kahawa na maziwa visikikaribie, saa moja kabla na saa mbili baadaye. Kidonge chake cha kalsiamu akinywe wakati mwengine, vigombane mbali. Maji mengi, mboga, tende, atembee jioni. Daktari akakubali aanze siku moja anywe, siku moja apumzike, mpaka tumbo lizoee, maana hata hivyo mwili unakipokea vizuri. Na choo kitakuwa cheusi tena, akikiona aseme alhamdulillahi, avute maji.

"Avute maji yeye mwenyewe," nikamwambia mzee. "Kazi yako imekwisha mlangoni pale. Umestaafu."

Binti akacheka mpaka akashika tumbo. Mzee alitaka kukasirika, ikamshinda. Majibu ya kopo yalirudi siku ya pili: hakuna damu. Nilimpigia simu mwenyewe, naye akauliza kama wanaweza kumpa karatasi yenye muhuri.

Baada ya wiki tatu damu ilikuwa tisa na nukta tano. Mzee alikuja naye, akakaa upande wa wanaume kama mtu aliyesoma, akaletewa karatasi huko huko. Alipokaribia kuzaa ilikuwa imepita kumi na nusu. Haikufika kumi na moja, lakini sikuwa na roho ya kumwambia mtu haijafika.

Kisha wakapotea, kama wanavyopotea wote, na mimi nikarudi kwenye foleni yangu. Tiki sizipigi tena kabla mtu hajanyanyuka. Wenzangu wanasema nimekuwa mzito, na kweli Jumapili tunachelewa kufunga.

Asubuhi moja mlango ukafunguliwa bila hodi. Kanzu ile, kofia ile, na kopo lenye mfuniko wa dhahabu. Huko nje shela zikavutwa. Mwenzangu aliliona kopo, akasema anaitwa chumba cha chanjo.

"Mwambie hii ni ya dukani," mzee akasema. "Nina risiti."

Hakurudi. Nikalifungua mimi, nikachota, halwa ya zafarani yenye lozi. Nikamuuliza mzee, binti yu hali gani.

"Kazaa mtoto mwanamke. Damu ilitoka, mwanangu, si kidogo. Nilikuwa nje, nkaona wanakimbia." Akapokea kikombe cha kahawa, hakukinywa. "Siku ya pili yake wakaturuhusu. Mtoto nkambeba mimi, kwa mikono yote miwili."

"Na mama mtu?"

"Alikuwa mbele yangu, anatembea," mzee akasema. "Viatu vyake kavivaa mwenyewe."